Mba Yangu, Masikio Yake

Kichwa kilianza kuniwasha Jumanne ya wiki ya mwisho ya likizo, saa kumi na dakika ishirini jioni, nikiwa nimekaa kwenye kiti cha saluni ya mama hapa Noonkopir, Kitengela. Saa naijua kwa sababu niliiandika. Vitu ambavyo siwezi kusema mbele ya watu naviandika kwenye kidaftari kinachoingia mfukoni, na vitu hivyo ni vingi, kwa hivyo hiki ni kidaftari cha tatu mwaka huu.

Tulikuwa wawili, mimi na binamu yangu, binti wa shangazi anayeuza shanga Namanga. Tuko kidato cha tatu sote, shule moja huko Kajiado, lakini yeye ndiye wa kuimba mbele ya gwaride na mimi ndiye wa kushika karatasi ya maneno. Wazo la kupaka nywele rangi ya maruni lilikuwa lake. Tukae nayo siku tano, tupige picha, halafu Jumapili mama aturudishie nyeusi, Jumatatu twende shule kama watoto wema. Mama alikubali kwa sharti hilo hilo la Jumapili, maana shuleni kwetu msichana mwenye nywele za rangi anarudishwa nyumbani kabla hata sanduku halijafunguliwa.

Mama alikoroga bakuli moja. Nasisitiza bakuli moja, kwa sababu baadaye kila mtu alisema labda yangu ilikuwa na kitu. Kwenye boksi kuna karatasi inayosema upake tone nyuma ya sikio, ungoje siku mbili. Mama ana miaka kumi na mbili kwenye kazi hii na sijawahi kumwona akiisoma. Karatasi zile huwa tunafutia kioo.

Basi kichwa kikaanza kuwaka moto hapo hapo, hata kabla ya dakika kumi.

"Mama, inachoma."

"Ulijikuna?"

Nilikuwa nimejikuna. Asubuhi ile nilifumua rasta zilizokuwa zimekazwa sana, na raha ya kichana ikanizidi. Mtoto wa saluni kabisa, ninayejua kwamba kichwa hakikunwi kabla ya dawa. Mama alifyonya, akanivuta hadi kwenye sinki, akanisuuza mapema kuliko binamu. Ndiyo maana yangu ikatoka kama kutu, yake ikatoka kama divai.

Jumatano niliamka na mba. Si ile ya kuhesabu, ni ile ya kumwagika. Nikiinama kufagia, naongeza uchafu.

"Aki, Kilimanjaro imeangusha theluji," binamu akasema, akinipangusa bega. Kwao Namanga mlima unaonekana siku ya hewa safi, kwa hivyo anajiona ana haki nao. "Anti, njoo uone, huyu tumkodishe kwa watalii."

Mama akacheka, wateja wawili wakacheka, na mimi pia nikacheka, halafu nikaenda nyuma ya saluni nikaandika: *Jumatano, saa tatu asubuhi. Inawasha, si sana. Ngozi inatoka pale nilipojikuna. Masikio sawa. Yeye hana kitu.* Niliandika hilo la mwisho kwa wivu, nikiri tu. Niliogopa kwamba mimi ndiye mwenye mwili wa kukataa vitu. Nilikuwa nimesikia habari za msichana aliyevimba uso kwa rangi hadi macho yakafungika, na kila nikipita kwenye kioo nilijitazama macho.

Lakini Alhamisi ilikuwa nafuu, na Ijumaa nafuu zaidi. Mba ilibaki, kuwasha kukaisha. Ningekuwa nimefunga habari hii hapo, isipokuwa Alhamisi saa nane na nusu mchana, tukianika taulo, nilimwona binamu akijisugua nyuma ya sikio kwa bega, kama mbuzi kwenye nguzo.

"Na wewe?"

"Mbu."

Mbu mchana, kwenye jua la Kitengela. Niliandika saa.

Ijumaa mbu akawa masikio yote mawili. Akaanza kuvaa kitambaa. Alipokivua kuoga, niliona mstari mwekundu pale nywele zinapoanza shingoni, na vipele vidogo vyenye maji nyuma ya masikio, vingine vimeshapasuka. Akaniwahi mkono kabla sijasema lolote.

"Usimwambie Anti."

"Lakini hiyo si kama yangu."

"Ni kama yako, imechelewa tu. Yako si imeisha? Hii pia itaisha. Ukimwambia hatanipaka nyeusi, na nisipopakwa nyeusi nitarudishwa. Yeyo ataniua. Niapie." Yeyo ndivyo anavyomwita mama yake, shangazi wa Namanga.

Niliapa. Hiyo ndiyo aibu yangu katika habari hii, na sitaificha. Niliapa kwa sababu kuapa kulikuwa rahisi kuliko kumkatalia, na kwa sababu kumwambia mama kungenilazimu nisimame katikati ya saluni yenye watu na kusema kwa sauti kwamba kazi ya mikono yake imemdhuru mtoto wa wifi yake.

Jumamosi asubuhi aliamka na kope zimevimba. Si sana, mtu asiyemjua angefikiri amelia. Alijikanda kwa maji baridi, akavaa kofia, akasema kesho ni kesho tu, akipakwa nyeusi yote yatakwisha. Na mama alikuwa ameshaliweka boksi la nyeusi kwenye rafu, chini ya kioo, tayari kwa Jumapili.

Nilifagia sakafu ile ile mara tatu. Nililitazama lile boksi, na karatasi yake ikichungulia. Nikaivuta, na kwa mara ya kwanza nikaisoma yote. Pameandikwa, kwa maandishi ya kumtia mtu upofu, kwamba ukiwahi kupata uvimbe au vipele kwa rangi usitumie tena, na ukiwahi kuchorwa piko pia ujihadhari.

Piko. Nilikaa chini. Miaka miwili iliyopita, kwenye harusi moja Namanga, dada mmoja alituchora maua mikononi kwa unga mweusi wa nywele, ule wa kukorogwa. Mimi nilikataa kwa aibu ya kunyoosha mkono mbele ya watu. Binamu alichorwa hadi kwenye kiwiko. Wiki nzima baadaye maua yalikuwa yameinuka juu ya ngozi kama yamefumwa kwa uzi, naye alikuwa akijikuna na kujisifu kwamba ndiye mwenye ua hai.

Mama alikuwa anasuka mteja. Nikasimama karibu na mkono wake wa kushoto.

"Mama, usimpake rangi kesho."

"Nani?"

"Niliapa nisiseme. Mwambie avue kofia."

Binamu alinitazama, na sitasahau yale macho yaliyovimba yalivyojaribu kukasirika. Mama alimfunua masikio taratibu kwa vidole viwili. Hakufyonya. Alimwambia mteja, "Mama, nisamehe, nitakumalizia saa nane," na mteja, kichwa nusu, akasema, "Nendeni, nendeni. Hata mimi nilikuwa naangalia hiyo kope."

Kliniki iko ng'ambo ya barabara. Daktari alikuwa kijana mwenye sauti ya polepole. Alitutazama vichwa sote wawili, maana mama alimwambia bakuli lilikuwa moja.

"Ilianza lini?" akamuuliza binamu.

"Siku ile ile. Tukiwa kwenye kiti."

Uongo. Alitaka kuwa kama mimi. Daktari akaanza kuandika, na mimi nikaona vile maneno mawili matatu yatakavyompeleka kwenye kiti cha Jumapili. Nikatoa kidaftari. Kwa haraka nikafungua ukurasa usio wake, wenye mambo mengine kabisa, nikaufunga.

"Mimi ndiye nilianza kwenye kiti," nikasema. "Yeye ni Alhamisi, saa nane na nusu mchana. Karibu siku mbili. Kila siku imezidi. Na aliwahi kuvimba kwa piko."

Daktari akaweka kalamu chini. "Isome yote."

Nilisoma mbele ya watu. Hata ile ya wivu niliisoma, kwa vile nilikuwa nimeshashika kasi. Binamu alicheka kidogo puani.

"Wewe," daktari akaniambia, "ngozi yako imechomwa tu. Ilikuwa na mikwaruzo, ikaguswa na dawa kali. Iliuma papo hapo, ikabaki palipoguswa, inapungua kila siku, sasa inabanduka ikipona. Hiyo ni kawaida. Iache ipone vizuri kabla hujaipaka kitu kingine." Akamgeukia binamu. "Wewe, mwili wako umeitambua rangi. Hii huchelewa, siku moja, mbili, hata tatu, halafu inapanda badala ya kushuka, inatoka kichwani kwenda masikioni, shingoni, kwenye kope. Inaonekana mwili ulijifunzia kwenye piko. Kusema kwa hakika kabisa ni kazi ya daktari wa ngozi, atakupima kwa vitone mgongoni. Lakini nyeusi ya kesho, hapana. Ingekuja haraka zaidi na kali zaidi."

"Itaisha?" mama akauliza. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Hii itaisha, wiki mbili hivi. Kukumbuka kwa mwili ndiko hakuishi. Asipake tena rangi ya aina hii, wala piko." Akampa krimu ya kupaka siku chache, isiyokaribia macho, na vidonge. Akasema akivimba midomo au ulimi, au pumzi ikikaza, tusingoje asubuhi, twende hospitali mbio. "Bahati mmekuja leo. Mngekuja Jumatatu tungeongea mengine."

"Na shule?" binamu akauliza. Hilo tu ndilo lililokuwa moyoni mwake tangu Alhamisi.

"Nywele si zinakatwa? Kwa mkasi, si wembe, usiguse ngozi."

Hakuna mtu aliyekuwa amefikiria hivyo. Watu watatu wa saluni! Tulikuwa tumekazana na rangi juu ya rangi, kumbe maruni yote ilikuwa kwenye nywele tu, na nywele zinaota. Njiani mama alimshika binamu mkono kama mtoto wa nasari, akasema, "Nisamehe, mama yangu. Mimi ndiye wa kusoma ile karatasi." Halafu akampigia shangazi simu, akamweleza yote bila kupunguza.

Mimi binamu alinipa mgongo hadi jioni. Alipomaliza kupaka krimu alinirushia kofia yake kichwani. "Msaliti," akasema. "Na andika kwamba nimekusamehe nusu."

Asubuhi iliyofuata, Jumapili, kope zake zilikuwa zimeshuka kidogo. Mama alichukua mkasi, lakini binamu akamwambia, "Anti, wacha huyu anikate. Yeye anaogopa, hatanigusa ngozi." Nilikuwa sijawahi kukata kichwa cha mtu. Nilisafisha mkasi kwa spiriti, nikainua fungu la kwanza kwa kichana, bila kugusa ngozi, nikakata fupi hadi kikabaki kivuli tu cha weusi wake mwenyewe ulioota tangu Jumanne. Maruni ikaanguka sakafuni; kutu yangu ingefuata, kwa mkasi huo huo mkononi mwa mama.

"Saa ngapi?" akauliza bila kugeuka.

"Mbili na dakika kumi."

"Iandike."

Nilimwambia angoje, mikono yangu ina kazi, nikainua fungu la pili.