Jina la Bibi Kwenye Laini ya Pesa

Simu ikiita, mimi natoka chumbani. Sina ninayemkimbia, sauti tu inanikauka mtu nisiyemwona akisema haloo. Darasani ni vilevile, jibu ninalo lakini mkono hauendi juu. Kuandika ndiyo naweza. Kwa hiyo mama alipoanza kuuza masweta mtandaoni tuligawana: kujibu meseji za ukurasa wetu ni kazi yangu, kupokea simu ni kazi yake.

Mama anafuma kwa mashine pale sebuleni, karibu na dirisha, na kwa baridi ya Mbulu sweta halikosi mtu. Simu ziko mbili. Ile ya kioo, iliyopasuka kona, ni ya picha na oda, nakaa nayo nikitoka shule. Nyingine ni kitochi cha mama, kile kisimu cha vibonyezo, na humo ndimo ilimo laini ya pesa. Laini yenyewe imesajiliwa kwa jina la bibi, maana wakati ule kitambulisho cha taifa cha mama kilikuwa hakijatoka, bibi ndiye aliyeweka kidole. Mteja akitaka kututumia pesa, simu yake inamwonyesha majina matatu ya bibi. Karibu kila mteja mpya huniuliza, huyu ni nani tena? Namwandikia: ni bibi yetu, tuma bila wasiwasi.

Katibu wa kwaya hakuuliza. Nilipaswa kuliona hilo mapema, ila nilikuwa nimefurahi mno.

Aliandika kwamba yuko Endasak, kwaya yao inataka masweta kumi na mawili, rangi ya damu ya mzee, kila moja elfu ishirini. Adabu yake ilikuwa ya juu. Alimsalimia mama shikamoo kwa meseji, akamwita mama mtumishi, akatuombea. Bei hakupunguza hata kidogo. Mama alifuma wiki mbili, bibi akishona vifungo, na makubaliano yalikuwa haya: pesa kwanza, mzigo baadaye.

Jumamosi tukafunga mzigo kwenye kiroba. Kaka wa bodaboda alikuwa amesimama mlangoni, tayari kuuwahisha stendi kabla gari halijaondoka. Ndipo ikaingia picha kwenye simu ya kioo: muamala umekamilika, shilingi laki nne na elfu ishirini. Chini yake meseji. Mama mtumishi nisamehe, nimegeuza tarakimu, nilitaka kuandika laki mbili na arobaini. Naomba unirudishie laki moja na themanini kwa namba hii ya mke wangu, yuko hospitali na mtoto.

Kitochi kilikuwa kimya. Nikamwandikia kwamba kwetu haijaingia. Akajibu mtandao unasumbua, mara kitochi kikalia, na meseji ikaja kweli, imeandikwa umepokea laki nne na elfu ishirini. Halafu akapiga. Mama akapokea, na nikamwona uso ukibadilika. Akakata, akasema mtoto wa watu yuko kitandani na pesa yao tumeishika sisi.

Mama ni mtu wa hivyo. Akizidishiwa chenji sokoni anairudisha hata kwenye mvua. Na kwenye laini kulikuwa na pesa, zaidi kidogo ya hiyo iliyoombwa, walizotanguliza wazazi kwa masweta ya shule ya watoto wao. Hiyo ndiyo ilikuwa hela ya nyuzi. Ikitoka hiyo, mama hana cha kufumia wala cha kuwaambia wazazi, na mji wetu huu kila mtu anamjua.

Alikuwa ameshaanza kubonyeza namba ya huyo mke. Kaka wa bodaboda akasema gari linaondoka, mama, mimi nibebe au nisibebe?

Mimi nilikuwa naitazama picha. Kwenye mstari wa aliyepokea hapakuwa na jina la bibi. Palikuwa na jina la ukurasa wetu, lile la kuuzia masweta, nililolitunga mimi mwenyewe. Hakuna laini yoyote duniani yenye jina hilo.

Nilimshika mama mkono. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kumzuia mama kitu. Nikamwambia aangalie salio kwanza, pale pale kwenye menyu ya pesa, aweke namba ya siri aone mwenyewe. Akaangalia. Salio lilikuwa lile lile la asubuhi, halijaongezeka hata mia. Tukaifungua tena ile meseji: imetoka kwenye namba ya kawaida ya mtu, siyo kwenye jina la huduma zinakotokeaga meseji za pesa siku zote. Lakini hata ingetoka huko, salio ndilo linalosema.

Kitochi kikaita tena. Mama akanipa.

"Ongea wewe," akasema. "Mimi nikiongea nitamwonea huruma."

Nilitaka kutoka chumbani. Bibi alikuwa amekaa mlangoni, pa kupita hapakuwepo. Nikabonyeza sauti ya nje.

"Shikamoo."

"Marahaba binti, mpe mama. Mgonjwa anasubiri."

"Ulipotuma, lilitokea jina la nani?"

Akalitaja jina la ukurasa.

"Hilo ni jina la mtandaoni tu. Laini ina jina la mtu."

"Wewe mtoto unanifundisha pesa? Nimetuma laki nne, mnataka kuniibia?"

"Kama umekosea, piga huduma kwa wateja. Muamala upo, wataurudisha wenyewe. Sisi haturudishi kwa namba nyingine."

Sauti yangu ilitetemeka mwanzo mpaka mwisho, sitasema uongo. Lakini ilitoka. Yule mtu akatukana tusi ambalo sijawahi kulisikia kwa mtu wa kwaya, akakata. Kwenye ukurasa akatuzuia tusimpate tena.

Kaka wa bodaboda alicheka mpaka akashika ukuta. Akasema huyu ndiye yule asiyejibu salamu yangu njiani? Mama hakucheka. Alikaa kwenye kiti cha mashine, akashika kitochi kwa mikono miwili, akaniita mama. Kwetu mtoto anaitwa hivyo akifanya jambo kubwa. Bibi yeye alitaka kueleweshwa taratibu, na alipoelewa akanyoosha mgongo.

"Kwa hiyo jina langu limefukuza mwizi?"

"Jina na salio, bibi."

"Salio ni lenu. Jina ni langu."

Masweta tuliyapiga picha upya tukayaweka ukurasani. Juu ya picha niliandika kwamba mzigo hautoki mpaka tuone pesa kwenye salio letu, picha ya muamala hatuipokei, na aliyezidisha awasiliane na mtandao wake. Mama aliogopa wateja watakasirika. Hawakukasirika. Wauzaji wengine wawili wa mjini waliniomba ruhusa wayaandike maneno hayo kwao.

Kwaya ya kweli haikutokea. Aliyetokea ni mama mmoja wa Getanuwas, anauza nguo mnadani, akayataka yote. Aliandika ameshatuma, akapiga simu kuhakikisha, na bibi akakinyakua kitochi kabla yetu.

"Umetuma kwa nani?"

Yule mama akayataja majina matatu ya bibi, polepole, kama anasoma kanisani.

"Ndiyo mimi," bibi akasema, na akanigeukia. "Haya, angalia hilo salio lako."

Nikakata simu, nikaangalia. Laki mbili na arobaini, imeingia. Mama akainua kiroba, kaka wa bodaboda akakipokea, nami nikampigia mama wa Getanuwas, nikakaa na simu sikioni nikimweleza gari gani na litafika saa ngapi. Nilikuwa nimeshamaliza kueleza ndipo nikakumbuka kwamba huwa naogopa.