Masharti ya Mjane wa Bungoma

Miaka ya hamsini nilihamishwa kutoka korti ya Kitale hadi ofisi ya wilaya Bungoma. Kazi yangu ilikuwa kukagua muhtasari wa Kiswahili wa hukumu kabla haujasomwa barazani. Wengi waliiona kazi ya mvivu. Hawakujua nilivyoiogopa, maana kilichosomwa mbele ya wazee ndicho walichokwenda nacho nyumbani, na kukirudisha ni kazi bure.

Siku moja mkalimani wetu, mtu mcheshi na mwenye haraka zake, aliniletea muhtasari wa rufani ya mjane mmoja. Shemeji yake alitaka shamba alilolima marehemu mumewe. Muhtasari ulisema: korti imethibitisha shamba ni la shemeji, na mjane ataondoka baada ya mavuno.

Nikachukua penseli nyekundu. Desturi yangu ni kuzungushia duara kila “kama”, kila “isipokuwa” na kila “yaonekana” katika hukumu ya Kiingereza, kisha kutafuta mwenzake kwenye Kiswahili. Maduara mawili yalikosa wenzao. Hakimu alisema kwamba kwa ushahidi uliopo yaonekana shamba ni la shemeji, ila hakukata shauri nani hasa ndiye mwenye shamba. Tena mjane asiondolewe isipokuwa mambo mawili yametimia: avune, na aonyeshwe shamba lingine ambalo wazee wamelikubali.

Mama mzima na watoto wake walikuwa wamesimama juu ya maneno machache hivyo!

“Si huu ni muhtasari, bana?” mkalimani akalalamika. “Watu wanataka kujua nani ameshinda.”

“Fupisha maneno, usifupishe masharti,” nikamwambia. “Hakimu hajasema nani ameshinda. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi.”

Alinuna, lakini tulikwenda wote kwa hakimu. Akaisoma sentensi yake polepole, akasema masharti ni yote mawili, moja halitoshi. Mkalimani akaandika upya, na haki yake nimpe: aliandika vizuri kuliko ambavyo ningeandika mimi.

Siku ya baraza alisoma yeye mwenyewe. Shemeji akainuka.

“Sasa huyu mama ataondoka lini?”

“Akishavuna, na ukishamwonyesha shamba lingine, na wazee wakilikubali,” mkalimani akajibu. “Kabla ya hapo, haondoki.”

Shemeji akaketi. Ndipo nikamwona mjane, nyuma ya wanawake wenzake. Fununu zilikuwa zimemfikia kwamba ameshindwa, akaja na vyungu, jembe na blanketi, vyote vimefungwa tayari kwa safari ya kwa wazazi wake. Aliomba kipande kile kisomwe tena. Kiliposomwa, akakirudia neno kwa neno, masharti yote mawili.

Kisha akamgeukia jirani yake.

“Nitwike, mama. Narudi kwangu kupalilia.”