Askari wa "Enjoys"

Usiku ule simu ya Joyline ililala katikati ya meza, nasi tukaizunguka bila kula. Shule moja ya kibinafsi hapa Nakuru ilikuwa imeahidi kuwatumia ujumbe walimu ambao wangeitwa kufundisha somo la majaribio. Nafasi ilikuwa moja. Kila mara kioo kilipowaka nilishtuka, na kila mara ilikuwa ni kampuni ya simu inayotuuzia bando.

Joyline ni binti yangu wa pili. Alizaliwa hapa hapa Lanet, ingawa babu yake alitoka Webuye kuja kufanya kazi ya reli. Joyline alikuwa mwalimu kabla hajajua kusoma. Alikuwa akipanga viatu vyetu sebuleni na kuviita majina kimoja kimoja, na kiatu kisichoitika kilichapwa. Baba yake alienda kazini mara nyingi akiwa na kiatu kilichotiwa adabu. Joyline alipomaliza chuo cha ualimu tukadhani mambo yamenyooka, lakini kazi haikupatikana. Akauza dawa kwenye duka la mtu, akafundisha watoto wa majirani jioni kwa malipo ya sukuma wiki na shukrani, na siku hizi alikuwa ameanza kusema kwamba labda ualimu haukuwa wake. Maneno hayo ndiyo yaliyoninyima usingizi.

Ujumbe uliingia tukiwa tumekata tamaa. Ameitwa. Kesho asubuhi, Gredi ya Sita, somo la Kiingereza: kusahihisha makosa katika orodha za vitenzi. Akaruka, akanikumbatia, kisha akakaa chini ghafla na kuniambia nitakuwa mwanafunzi wake.

Aliniandikia sentensi nyuma ya kalenda: *She likes swimming, reading and to dance.* Akaniambia nitafute kosa.

Mimi niliacha shule darasa la sita, lakini sentensi hiyo niliielewa. Niliisoma mara mbili, nikaona msichana mwema tu asiye na tatizo. "Anapenda kuogelea, kusoma na kucheza dansi," nikamwambia. "Kosa liko wapi?"

Akacheka, kisha akanitazama kama mtu aliyeokota kitu njiani. Akasema hapo ndipo watoto watakapokwama. Kwa Kiswahili yote matatu ni ku-, ku-, ku-, hakuna mtu anayeona kasoro. Lakini kwa Kiingereza maneno mawili yameishia kwa *-ing*, na la tatu limetanguliwa na *to*. Ni kama wanafunzi watatu wa mstari mmoja, wawili wana sweta za shule na mmoja ana koti la nyumbani.

Hiyo niliishika mara moja, maana sare nimenunua miaka ishirini. "Kwa hivyo wakivaa sare moja wamepita," nikasema. "Hata wote wakivaa hilo koti la *to*?"

"Eeh, na *likes* inakubali. *She likes to swim, to read and to dance.* Hiyo iko sawa kabisa, Mum."

Nilifurahi, nikataka kuonyesha akili. Kwenye kitabu chake kulikuwa na sentensi nyingine yenye *enjoys*, yaani hufurahia, nikaivalisha makoti yote matatu: *She enjoys to swim, to read and to dance.* Nikamwambia anipe maksi zangu.

Joyline akatikisa kichwa. Sare ni moja, ndiyo, lakini *enjoys* haipokei *to* hata siku moja. Alitafuta namna ya kunieleza, akaanza na kuacha, mwishowe akapiga meza.

"Kuna askari getini. Huyu wa *likes* ni mpole, anakubali sweta ama koti, mradi mfanane. Huyu wa *enjoys* anataka sweta peke yake. Mkija watatu na koti, mnarudi nyumbani watatu."

"Na nitajuaje askari ni yupi?"

"Mpeleke mmoja mmoja. *She enjoys to swim.* Inaingia? Haiingii. *She enjoys swimming.* Inaingia."

Asubuhi nilimsindikiza. Nilisema nina shughuli mjini. Shughuli yenyewe ilikuwa kumtazama. Askari wa shule, mzee mmoja anayeitwa Kang'ethe, alinipa benchi chini ya dirisha la darasa na kuniuliza kama mimi ndiye ninayeogopa ama ni mwalimu. Nikamwambia mwalimu yuko sawa.

Ndani, nyuma ya darasa, alikaa mwalimu mkuu, Bi Rupinder, na naibu wake, Bwana Mathenge, aliyekuwa na majibu ya zoezi mkononi. Joyline aliwasimamisha watoto watatu mbele, akamvua mmoja sweta, darasa likacheka. Alipofika kwenye mfano wa askari wa geti, mtoto mmoja akauliza kama ni Mzee Kang'ethe. Kando yangu mzee akaiweka sawa kofia yake.

Kisha Joyline akawapa zoezi. Sentensi ya kwanza ilikuwa ya *likes*, na *to dance* imepigiwa mstari. Msichana anayeitwa Jebet akainuka akasoma jibu lake kwa sauti kubwa: *She likes to swim, to read and to dance.*

Bwana Mathenge akakohoa. "Si hivyo," akasema. "Jibu ni *swimming, reading and dancing*."

Watoto wakageuka nyuma. Nilisimama kutoka kwenye benchi, nikakaa tena. Nilijua Joyline akimkubali naibu, mtoto ataambiwa uongo. Na akimkubali mtoto, huenda tukarudi nyumbani na ualimu ukaishia hapo. Joyline aliinua karatasi ya zoezi. Alimwomba Jebet asome maagizo ya zoezi.

Jebet akasoma: wabadilishe sehemu iliyopigiwa mstari tu.

"Sentensi yako ni Kiingereza kizuri, Jebet," Joyline akasema. "Mtu asikuambie ni kosa. Lakini umewavua sweta wawili ambao hawakuwa na makosa, na hapa tumeruhusiwa kumgusa mmoja tu. Kwa hivyo kwenye karatasi hii tunafuata jibu la Bwana Mathenge."

Jebet aliuliza kama angeweza kuandika hivyo kwenye insha yake. Akaambiwa aandike, mradi asichanganye. Akakaa, akatabasamu. Sikuweza kuuona uso wa Bwana Mathenge, lakini nilimsikia akiandika kitu, na kalamu yake haikuwa na haraka.

Somo lilipoisha walimwambia Joyline asubiri nje ya ofisi, wakaingia wakafunga mlango. Nikamfuata kwenye korido.

"Mum, si ulikuwa na shughuli mjini?"

"Nimemaliza."

Akaniuliza kama amemwaibisha naibu. Nikamwambia sijui mambo ya ofisi, lakini yule mtoto ataenda kwao leo akijua alichokosea na alichopata, na mimi katika miaka yangu yote ya shule sikuwahi kuambiwa vyote viwili siku moja. Aliegemea ukuta akafumba macho. Ndani sauti zilipanda, zikashuka, kisha mtu akacheka, nasi hatukujua kama hicho ni kicheko kizuri ama kibaya.

Mlango ukafunguka. Alikuwa Bwana Mathenge, na mkononi alikuwa na boksi la chaki.

"Mwalimu," akamwambia, "Gredi ya Tano nao wanachanganya hayo mavazi. Una dakika arobaini kabla ya chai?"