Mstari Ulioachwa Nje ya Jumla

Chuo kikuu nilisoma falsafa, nikaandika kurasa themanini za tasnifu kuhusu jinsi wazo jipya linavyozaliwa. Kisha nikaajiriwa na baraza la mji kuwa karani wa bajeti, kazi ambayo wazo jipya likizaliwa hupelekwa kamatini mpaka life. Sijutii. Mshahara hufika, kiti kina magurudumu, na Jumapili naandika insha ambazo mke wangu huzisoma akiwa anapika.

Wasiojua hudhani bajeti ya baraza hutungwa. Hunakiliwa. Kila mwaka, waraka unapokuja wa kutuambia kikomo cha fedha tutakazopata, mimi hufungua jedwali la mwaka uliopita kwenye kompyuta, hulihifadhi kwa jina jipya, hubadilisha mwaka juu ya ukurasa, kisha hushuka mstari kwa mstari. Dizeli ya lori la takataka, ongeza kidogo. Dawa ya mbu, acha. Posho, ongeza kabla hujaombwa. Tarakimu huzikata zibaki milioni kamili, kwa sababu madiwani hawapendi mikia. Chini ya kila idara kompyuta hujumlisha yenyewe, na jumla za idara zote zikikaa sawasawa ndani ya kikomo, napumua. Sheria hairuhusu baraza kupitisha matumizi yanayozidi mapato.

Mwaka ninaousimulia nilifanya hivyo hivyo. Nakala zilichapwa, zikatobolewa, zikafungwa kwa plastiki, na kikao cha baraza cha kuzipitisha kilikuwa saa nane mchana. Saa tatu asubuhi nilikuwa mezani nikinywa chai kama mtu aliyetunga kitu.

Akaingia mama wa mitaro. Ndivyo tulivyomwita ofisini: mama kutoka Kivu, msimamizi wa wanawake kumi na wanane wanaozoa tope na chupa za plastiki katika mfereji mkubwa wa Namuwongo, kando ya reli, ili mvua ikinyesha maji yasiingie vitandani mwa watu. Kila mgeni wa Kiswahili ofisini huletwa kwangu. Nimezaliwa katika kambi ya polisi, ambako Kiswahili ndiyo lugha ya nyumbani, na wenzangu huamini kwamba mtoto wa kambi anaelewana na kila mtu anayetoka mashariki ya mahali popote.

"Jambo, muzee karani."

"Jambo, mama. Muzee ni baba yako."

"Baba yangu hana kipara kama hii. Leo banapitisha bajeti?"

"Saa nane."

"Basi onyesha miye mustari yetu. Kila mwaka banasema tuko ndani, na kila mwaka tunalipwa kisha ya miezi mine, kama watu ba kuomba. Nataka kuiona na macho."

Alikuwa na haki ya kuiona. Bajeti si siri. Nilimfungulia ukurasa wa afya na mazingira. Mstari wao ulikuwa wa mwisho, juu kidogo tu ya jumla: vibarua wa mitaro, 43,200,000. Watu kumi na wanane, laki mbili kila mmoja kwa mwezi, miezi kumi na miwili. Posho ilikuwa imepanda mara tatu tangu mstari ule uandikwe. Wao hawakupanda, na kwa hiyo hesabu yao ilikuwa imebaki na mkia wake.

Yule mama hasomi Kiingereza, lakini aliwahi kuuza vitenge sokoni Kikuubo, na tarakimu zinamtii. Aliweka kidole kwenye mstari wao, akakipandisha mpaka juu ya ukurasa, akakishusha mpaka kwenye jumla. Akarudia.

"Muzee."

"Naam."

"Hizi zote huku juu ziko milioni, milioni, milioni. Kavu. Yetu peke yake iko na laki mbili huku nyuma."

"Ndiyo."

"Sasa huku chini kwa jumla, laki mbili iko wapi?"

Jumla ilisema 211,000,000. Kavu.

Nilicheka, kama anavyocheka mtu mwenye digrii anapoulizwa swali na muuza vitenge. Nikamweleza kwamba kompyuta haikosei. Akasema kompyuta hailipwi laki mbili kwa mwezi. Nikachukua kikokotoo ili nimtulize, nikajumlisha mistari yote tisa. Ikaja 254,200,000. Nikajumlisha tena, kwa sauti. Ilipokuja ileile, hamu ya chai iliniisha.

Nilibofya kwenye jumla kuona kompyuta ilichoagizwa. Agizo lilisema: jumlisha kuanzia mstari wa nne hadi wa kumi na moja. Vibarua wa mitaro walikuwa mstari wa kumi na mbili. Walikuwa wameandikwa nje ya uzio. Yeyote aliyewaongeza aliusukuma mstari mpya juu ya jumla na hakurefusha agizo, na tangu hapo kila mwaka walinakiliwa hivyo hivyo: wakionekana kwenye karatasi, wasihesabiwe kwenye fedha.

Nilijua pia ni kwa nini hawakuwahi kukosa kabisa. Bajeti ikishapita, mweka hazina hufungua daftari la kila idara kwa kiasi cha jumla, na jumla ikiisha, malipo husimama. Lakini lori letu la takataka lilikuwa limekaa gereji muda mwingi wa miaka yote hiyo. Fedha za dizeli isiyochomwa zilibaki, na katikati ya mwaka mweka hazina aliomba ruhusa ya kuzihamishia mitaroni. Hiyo ndiyo miezi minne ya kuomba. Wanawake wale walikuwa wakilishwa na lori bovu.

Na mwaka huo tulikuwa tumepata lori jipya.

"Ukipitisha hii," mama wa mitaro alisema polepole, "Desemba tutakula nini?"

"Hamtapata kitu," nikasema. Ilikuwa mara ya kwanza asubuhi ile kusema jambo nililolihakiki.

"Basi usikae, muzee. Simama."

Nilisimama. Mweka hazina, bwana mpole anayeogopa karatasi yoyote isiyo na muhuri, alinisikiliza akiwa ameshika shavu.

"Ssebo, bwana wangu, nakala zimefungwa," alisema. "Acha ipite. Tutahamisha fedha katikati ya mwaka, kama kawaida."

"Tutahamisha kutoka wapi? Lori linatembea."

"Labda litaharibika."

"Tuandike hivyo kwenye bajeti? Matarajio: lori kuharibika?"

Hakucheka. Aliuliza swali la kweli: nikiwaingiza vibarua wa mitaro kwenye jumla, tunavuka kikomo kwa milioni arobaini na tatu na laki mbili. Nitazitoa wapi kabla ya saa nane? Nikarudi mezani, na kwa mara ya kwanza katika utumishi wangu nikaisoma bajeti yangu. Nilikuwa nimeinakili mara nyingi. Kuisoma ni kazi nyingine. Kila mstari niliuuliza: wewe bado upo? Katika ukurasa wa utawala nikakuta kodi ya ukumbi wa vikao, milioni arobaini na nane. Tulikodi ukumbi paa letu lilipovuja. Paa lilitengenezwa zamani, nasi tulikuwa tukikaa chini yake. Kodi ikaendelea kunakiliwa, na kila mwaka iligeuzwa polepole kuwa chai na posho ya vikao. Kwa mkono uleule uliowaacha wanawake nje, nilikuwa nimeliweka paa zima ndani.

Mabadiliko hayawezi kuletwa na karani. Lazima yaletwe na mwenyekiti wa kamati ya fedha, na yeye alikuwa dukani kwake Kansanga akiuza mabati. Nilimkuta anapima misumari, nikamweleza yote.

"Unataka niwaambie madiwani nimewanyima chai?" aliuliza.

"Inabaki milioni nne na laki nane, mheshimiwa. Ni chai nyingi ukiacha sambusa."

"Na kosa ni la nani? Wataniuliza."

Hilo nilikuwa nimelichunguza kabla ya kutoka ofisini. Nilifungua majedwali ya nyuma, mwaka baada ya mwaka, nikitafuta ambapo mstari ulianza. Nilikuwa nimeshaandaa kichwani hukumu kali kuhusu makarani wa zamani, uzembe wao na elimu yao. Mstari ulianza mwaka wangu wa pili kazini. Maneno yalikuwa yangu, hata koma isiyohitajika ilikuwa yangu. Nilikumbuka siku yenyewe: baraza lilikuwa limewakubali wale wanawake baada ya mafuriko, nami nikauongeza mstari nikijiona mkombozi.

"Ni langu," nilimwambia.

Aliacha misumari. "Utalisema mbele yao?"

"Nitalisema."

"Basi nitaleta mabadiliko. Mtu akijitoa mwenyewe, mimi nabeba karatasi tu."

Nilirudi nikarefusha agizo mpaka mstari wa kumi na mbili, nikapunguza kodi ya ukumbi, nikahakikisha jumla kuu inalingana na kikomo hadi shilingi ya mwisho, nikachapa karatasi moja ya masahihisho yenye safu tatu: ilivyokuwa, inavyokuwa, tofauti. Karatasi moja, nakala arobaini. Tulizichomeka kwenye vitabu, na saa nane ikagonga.

Mwenyekiti aliwasilisha. Minong'ono ikaanza kwenye neno chai. Nikaitwa nieleze, nikaeleza: agizo liliishia wapi, mstari ulikuwa wapi, nani aliuweka. Diwani mmoja wa safu ya nyuma, mtu wa mdomo, alisimama.

"Kwa hiyo ile digrii uliyotundika ukutani, karani, ni ya kunakili?"

Ukumbi ulicheka. Nami nikacheka, swali lilikuwa zuri kuliko mengi ya mtihani.

"Ni ya falsafa, mheshimiwa. Kunakili nilijifunza hapa hapa, mbele yenu, na mmeniidhinishia kila mwaka."

Wakacheka tena, safari hii wakitazamana. Walikuwa wameipitisha kwa mikono yao miaka yote, na hakuna aliyejumlisha. Diwani wa eneo la mfereji alisema kwamba nyumbani kwake maji yamewahi kufika kwenye magodoro, na asiyetaka mitaro izolewe aje alale kwake siku ya mvua. Mikono ikainuliwa. Yule wa mdomo aliinua wake mwisho, nusu, kama mtu anayejikuna.

Nimepewa vyeti viwili maishani na saa moja ya ukutani ya utumishi mwema. Siringi navyo. Naringa na ile karatasi moja ya safu tatu. Nikisema sikujisikia mrefu nikishuka ngazi za ukumbi, nitakuwa nadanganya, na mrefu si neno ambalo watu hulitumia kwangu.

Mwaka wa fedha ulianza Julai. Mwishoni mwa Julai hiyohiyo, mchana, wanawake kumi na wanane walipanga foleni dirishani kwa mweka hazina, wengine wakiwa bado na buti za mpira, wakaweka sahihi, mmoja mmoja. Mama wa mitaro alitia yake mwisho, akahesabu noti zake mara mbili, akanitazama kupitia mlango wa ofisi yangu.

"Muzee karani!" aliita, foleni yote ikageuka. "Mwezi wa saba imelipwa ndani ya mwezi wa saba! Sasa twambie, hii miezi mingine tutamuomba nani?"

"Hakuna wa kuombwa," nikamjibu. "Njooni Agosti."