Waandishi Arobaini na Wanne wa Adu

Mara ya kwanza makala yangu ilikataliwa kabla chai haijapoa. Niliituma saa nne asubuhi, nikashika kikombe, nikapuliza, na barua pepe ikaingia. Nilidhani mhariri ananishukuru. Kumbe ananiambia kazi yangu haihusiani na mambo yanayochapishwa na jarida lake. Nilimtukana peke yangu ofisini mpaka koo likakauka. Siku ya pili, hasira ziliposhuka, ndipo nilipofungua hilo jarida nikalitazama, nikakuta kuwa ni la wadudu wa misituni. Mimi nilikuwa nimeandika habari za fukusi wanaokula mahindi ghalani. Nilikuwa nimeona neno "wadudu" juu ya jalada, nikaridhika.

Siku hizo nilikuwa nafundisha kilimo katika chuo kimoja huku Kilifi, na huo ulikuwa mwaka wangu wa saba wa kutafuta uzamivu. Kamati ya masomo ilikuwa imechoka nami. Ilinipa miezi minane ya mwisho: nilete ushahidi kwamba makala yangu imefika kwa wahakiki, au jina langu lifutwe. Hawakutaka hata iwe imekubaliwa. Walitaka tu watu wawili wanaoijua kazi hiyo wakae waisome. Jambo dogo namna hiyo, na mimi sikuliweza.

Jarida la pili lilikuwa la mazao na hifadhi yake, mahali hasa palipostahili. Lakini mimi ni mtoto wa Malindi, na nimelelewa kwamba huingii nyumba ya mtu ukataja shida yako mlangoni. Kwa hiyo barua niliyomwandikia mhariri ilikuwa Kiingereza kwa maneno na Malindi kwa adabu. Nilimuuliza afya yake, ya watu wa nyumbani kwake na ya wenzake kazini, nikamwombea baraka, na mwisho wa ukurasa wa pili nikamwomba kwa unyenyekevu aipokee makala hii katika jarida lake tukufu. Nikalitaja jina la jarida tukufu. Lilikuwa lile la wadudu wa misituni. Alinijibu kwa mistari mitatu, na hakuniuliza hali.

Mara ya tatu ndiyo iliyonivunja moyo, kwa sababu nilidhani nimetenda haki. Utafiti wote niliufanyia katika kijiji cha Adu, kwa wakulima arobaini na mmoja ambao kwa misimu miwili waliniachia maghala yao. Wengine walichanganya mahindi na majani ya mwarobaini yaliyokaushwa juani, wengine yaliyokaushwa kivulini, nami nikihesabu fukusi. Nilipowarudishia matokeo, walifanya kikao kama kawaida yao. Kwao, karatasi yoyote inayotoka kijijini kwenda kwa wakubwa, iwe ya shamba, ya maji au ya mwalimu mlevi, huenda na majina ya wote waliohudhuria, nambari za vitambulisho, na dole gumba la asiyejua kuandika. Karatasi yenye jina moja, walisema, ni ya mchongezi. Nikaona wana haki. Nikaweka majina yote arobaini na moja, langu, la msimamizi wangu, na la mkuu wa idara, ambaye jina lake hukaa juu ya kila karatasi ya idara yetu kama vumbi. Nambari za vitambulisho niliziacha kwa busara zangu mwenyewe.

Mtambo wa jarida la tatu ulidai anwani ya barua pepe ya kila mwandishi, na kila mmoja athibitishe. Nikafungua anwani arobaini na moja. Nilikaa siku mbili nikijithibitisha mwenyewe kwa majina ya wazee wa watu. Mhariri akarudisha makala akiuliza, kwa upole wa kutisha, ni vipi waandishi arobaini na mmoja wamethibitisha kutoka kompyuta moja kwa siku mbili. Nilitamani ardhi ipasuke.

Ilikuwa imebaki miezi miwili. Nikaenda kulia mbele ya karani wa idara, kwa sababu mlango wake ndio uliokuwa wazi.

Huyu karani ni mama wa Mambrui, mtu mzima, buibui lake halina hata chembe ya vumbi, na kazi yake kubwa kila mwaka ni kupokea fomu za wanafunzi wanaoomba ufadhili. Hupokea marundo. Aliniacha nikalia mpaka nikamaliza, kisha akasema, "Mwanangu, wewe wadhani huyo mhariri husoma?"

"Si ndiyo kazi yake?"

"Mimi hizi fomu sizisomi. Naziangalia. Wa kusoma ni kamati. Mimi nikipeleka kwa kamati fomu mbovu, nimewapotezea wakati wao, na kesho hawataniamini. Hebu nipe masharti ya jarida utakalolipelekea sasa, na hiyo karatasi yako. Na utoke hapo mbele yangu, maana uso wako wanitia huruma."

Akavaa miwani, akaweka saa yake ya mkononi juu ya meza, akachukua rula. Masharti ya jarida, ambayo mimi kwa miaka saba nilikuwa nikiyapitia kama mtu apitavyo masharti ya benki, yeye aliyasoma sharti moja moja, na kila sharti akilitafuta kwenye makala kwa ncha ya rula.

"Wamesema maneno elfu sita. Wewe una elfu tisa."

"Yote ni muhimu."

"Haya, tutaona. Kichwa chasema pwani ya Afrika Mashariki. Mahindi ni ya wapi?"

"Ya Adu."

"Adu imekuwa Afrika Mashariki tangu lini?" Akapiga mstari. "Kibali cha kamati ya maadili? Umeingia majumbani mwa watu, umewauliza maswali."

"Kibali ninacho, Mama. Kimo kwenye faili."

"Mimi nimeshika karatasi, sikushika faili. Nambari yake haimo, wala hukusema kwamba hao watu waliridhia. Basi kwangu mimi huna." Akapiga mstari wa pili. "Wamesema wahakiki wasimjue mwandishi. Jina lako limo juu ya kila ukurasa. Au hawa si wahakiki, ni wapwa zako?"

Kisha akafika kwenye ikisiri, akaisoma mara mbili, akavua miwani. "Hapa pana nini kipya? Mwarobaini hata marehemu bibi yangu alitia kwenye mahindi."

Nikaudhika. Nikamweleza kwa kelele kwamba watu wote huyaanika majani juani ili yakauke upesi, na jua ndilo linaloiua dawa. Ya kivulini hukaa na nguvu zaidi, na wakulima miaka yote walikuwa wakiulaumu mwarobaini wa watu.

"Kumbe!" akasema, na kwa mara ya kwanza akaniangalia mimi badala ya karatasi. "Sasa hilo liko ukurasa wa ngapi?"

"Wa kumi na mmoja."

"Mimi nimeitupa kwenye huu wa kwanza." Akatazama saa. "Dakika sita, na nilikuwa nikizungumza."

Ilinibidi nicheke, ingawa machozi hayajakauka. Kwa wiki tatu tulifanya kazi hivyo. Kila nikirekebisha, naichapa, naiweka mezani kwake na fomu za wanafunzi, na yeye huiangalia asubuhi akiwa hana huruma. Aliniambia nisome matoleo ya karibuni ya jarida kabla ya kuligusa, nione kama wana mazungumzo ambayo yangu yataingia. Nilipoipitisha kwenye programu ya kunasa maandishi yaliyonakiliwa, ikaniita mwizi: sehemu nzima ya mbinu nilikuwa nimeinyofoa kutoka tasnifu yangu mwenyewe. Nikaiandika upya. Maneno elfu tatu yaliyokuwa muhimu yaliondoka na sikuyakumbuka tena.

Yakabaki majina. Nililala vibaya kwa sababu ya majina. Nikaenda Adu, tukakaa katika darasa la chekechea kwa kuwa ndilo lililokuwa na viti, watu wazima magoti yamefika mashavuni. Mwenyekiti wao ni mama mmoja mkulima, mkavu wa maneno. Akafungua kikao kwa salamu ya kwao, "Taireni!" wakaitika, "Za Mulungu!" nami nikasimama kueleza kwamba mwandishi wa makala si kila aliyehudhuria. Ni yule aliyefanya kazi yenyewe ya kuipanga au kuipima, akaiandika au kuirekebisha, akaisoma yote, na anayekubali kujibu kwa kila mstari.

"Kujibu kwa nani?" akauliza mwenyekiti.

"Kwa yeyote duniani atakayeuliza."

"Kukiwa na uongo ndani, anashikwa nani?"

"Mwandishi."

Viti vidogo vikalia. Kisha mzee mmoja wa nyuma akasema, "Mimi nitoe leo leo." Na wa pili, na wa tatu, mpaka ikawa fujo, kila mmoja akitaka ashuhudiwe kwamba ametoka. Mwenyekiti akawanyamazisha. "Sisi hatukuisoma, mwanangu. Hatuwezi kulijibia jambo tusilolisoma. Tushukuru tu, yatosha." Nikaona haya, maana mimi niliyesoma sana nilikuwa sijafikiri hivyo.

Basi ikaandikwa kwenye kumbukumbu za kikao: majina yote arobaini na moja yahamie kwenye shukrani. Wakatia sahihi, na dole gumba, na nambari za vitambulisho.

Niliporudi, karani alisoma kumbukumbu zile kwa heshima kubwa. Kisha ncha ya rula ikaenda ukurasa wa mbele. Majina yalikuwa matatu. Langu. La msimamizi wangu, aliyepanga nami vipimo na kusahihisha kila rasimu. Na la mkuu.

"Na huyu aliisoma?"

Mkuu ndiye anayetia sahihi ratiba zangu, likizo zangu na riziki yangu. Karani akainuka, akachukua fomu ya jarida inayouliza kila mwandishi alifanya nini, akaenda nayo, nami nikamfuata kama kondoo wa Idi.

Mkuu aliandika upesi: alitoa uongozi.

"Uongozi ni cheo, mheshimiwa," karani akasema taratibu. "Hapa wauliza kazi."

Mkuu akaishika kalamu. Aliishika muda mrefu. Akauliza makala yenyewe yahusu nini, na karani akanigeukia kwa upole, "Mwambie mwanangu, yuataka kujua." Mkuu akaona mwenyewe kwamba hana la kuandika. Akasema jina lake liliingia kwa makosa ya uchapaji, akalikata. Watu arobaini na mmoja walijitoa kwa dakika kumi; yeye peke yake alituchukua asubuhi nzima.

Nikaituma. Nilipika chai, ikapoa. Ikapita siku, ikapita wiki. Siku ya tisa ikaja barua: makala imepelekwa kwa wahakiki. Zilibaki siku nne za muda wangu. Karani aliichapa, akaitoboa, akaitia kwenye faili la kamati, akaniambia niache kulia, nitalowesha karatasi.

Nikampigia simu mwenyekiti wa Adu kumwambia kwamba sasa watu wawili wanaisoma kazi yetu.

"Mwanangu," akasema, "kwani wale waliokukataa mara zote tatu, walikuwa hawajaisoma?"

"Hawajaisoma, Mama."

"Na ukalia?"

"Nikalia."

"Pole," akasema. "Na sisi tulidhani wameisoma wakaikataa, tukarudi kuanika juani." Nikamsikia akiwageukia wenziwe pale alipokuwa. "Haya, yaanikeni tena hayo majani. Kivulini. Wamekubali kusoma."