Kliniki ya Mkoba na Ukurasa wa Nyuma

Kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kukiunganisha kitabu cha bajeti cha hospitali yetu kubwa ya Karatu, pamoja na zahanati zake zilizotawanyika hadi juu huko Nainokanoka. Nasema kukiunganisha kwa sababu kila idara huleta kipande chake, na vipande havipendani. Maabara wanaandika kwa herufi kubwa tupu, jikoni wanaleta karatasi yenye alama za mafuta. Mimi navikalisha pamoja.

Wajumbe wapya wa bodi walikuwa wakikiogopa kitabu hicho, nami nilipenda kuwaonyesha mlango wa kuingilia. Jalada linakuambia mambo mawili: ni mwaka gani wa fedha, na kama ni rasimu au kimeshapitishwa. Yaliyomo huandikwa mwisho ingawa yanakaa mwanzo, maana namba za kurasa hazitulii mpaka kila kitu kitulie. Muhtasari ni ukurasa mmoja tu, mapato upande huu, matumizi upande ule, na chini pande mbili zinalingana. Kisha majedwali, kila idara na lake, na jumla ya majedwali yote lazima iwe ileile iliyo kwenye muhtasari. Nyuma kabisa vinakaa viambatisho: ikama, yaani idadi ya watumishi wanaohitajika kila idara, maelezo ya bei tulizokadiria, na orodha ya mahitaji ambayo hayajapata chanzo cha fedha.

Mwaka ninaoukumbuka, kliniki yetu ya mkoba ya Olbalbal ilitoka kwenye majedwali ikaenda nyuma, kwenye viambatisho. Ni ile gari iliyoshuka kila mwezi na muuguzi, mizani ya watoto na sanduku la chanjo. Wafadhili wake walikuwa wamemaliza muda wao, na hakuna mwingine aliyejitokeza. Menejimenti ikaamua, nami nikahamisha ukurasa. Muuguzi wa kliniki hiyo, mwanamke mcheshi aliyejua Kimaasai cha kutosha kuwagombeza akina baba, alikuja ofisini akausoma mara moja, akaufunika.

“Mzee ameuona?” akauliza.

Mzee alikuwa mjumbe wa bodi kutoka Olbalbal, mfugaji, aliyesomea Kiswahili chake darasani akakiheshimu kama mtu anavyoheshimu shuka la sikukuu. Mkwe wake alikuwa mjamzito, na wake za majirani pia. Alikuwa amewaahidi kwamba gari itaendelea.

Alifika siku moja kabla ya kikao, vumbi la barabara likiwa bado kwenye viatu vyake vya matairi. Nikamkaribisha chai. Akakifungua kitabu moja kwa moja nyuma, akaweka kidole juu ya neno Olbalbal, akatabasamu.

“Tupo,” akasema. “Walinitisha bure. Mama, ninyi watu wa Karatu mnapenda karatasi kuliko maziwa, lakini leo karatasi imenifurahisha.”

“Mzee, umeona hapo juu pameandikwaje?”

“Kiambatisho.” Akalitamka polepole, silabi kwa silabi. “Kinachoambatana. Ndama akiambatana na mama yake, si ananyonya?”

Muuguzi aliyekuwa amesimama mlangoni akageukia ukutani.

Sikuwa nimewahi kulisikia neno lile kwa sikio lake. Kwetu lilikuwa jina la sehemu ya nyuma tu. Kwake lilikuwa na miguu, lilimfuata mama yake malishoni. Na Kiswahili chake kilikuwa sahihi kuliko nilivyotamani.

Nikasogeza kiti upande wake. Nikamfungulia muhtasari, kisha nikarudi naye jedwali kwa jedwali, nikimwonyesha jinsi kila jumla inavyopanda mbele na kukaa mahali pake. “Hawa ndio wanaonyonya,” nikamwambia. “Wote wameunganishwa na ukurasa huu. Bodi ikipitisha, inapitisha hawa.” Halafu nikamrudisha nyuma. “Huyu anaambatana, mzee. Anatembea na kundi. Lakini hakuna uzi unaomrudisha kwenye muhtasari. Hana ziwa la kunyonya.”

Akarudi mwenyewe mbele, akaweka kidole kwenye muhtasari, akaenda nyuma, akarudi tena. Alikuwa mwanafunzi mzuri kuliko wengi niliowafundisha, na hilo ndilo lililoniuma.

“Basi kesho nitaomba ahamishwe.”

“Unaweza. Ni haki yako. Ila mwenyekiti atauliza chanzo. Mapato hayataongezeka, kwa hiyo jedwali jingine litapungua.”

“Lipi?”

“Hilo utalitaja wewe.”

Akaomba akae na kitabu. Nikamwacha kwenye kiti changu, nikaenda kwenye dirisha la mhasibu kutafuta kazi ya mikono. Niliporudi alikuwa amefika jedwali la wodi ya watoto, lenye gesi ya oksijeni na maziwa ya watoto wenye utapiamlo. Kidole chake kilikuwa juu ya oksijeni.

Kesho yake, kwenye kikao, ilipofika zamu yake akasimama na kufunga shuka lake vizuri. Akaomba kliniki ya mkoba iingie kwenye majedwali. Mwenyekiti, mtu mpole, akamwambia, “Tuko pamoja nawe, mzee. Tutoe wapi?”

Mzee akakifungua kitabu. Nilijua alipofungua, maana nilikuwa nimekiona kidole chake pale jana. Akautazama ukurasa, akatutazama sisi, kisha akakaa.

“Sitatoa kwa mtoto wa mtu,” akasema.

Mwenyekiti akasoma azimio: muhtasari na majedwali yamepitishwa, viambatisho vimepokelewa. Mzee akaniegemea.

“Kupokelewa ni nini?”

“Ni kwamba wamekiona.”

“Basi,” akasema, “wamekiona.”

Jioni ile nikafuta neno rasimu kwenye jalada, nikaandika kimepitishwa. Kwa kawaida nilifurahi kufanya hivyo.

Safari ya mwisho ya gari, mzee aliniomba nishuke nayo. “Mimi wakinisikia peke yangu watadhani nimewauza. Wewe unajua kueleza.” Nikashuka. Muuguzi alipima watoto kama siku zote, akawatania mama zao, akaandika kadi zao kwa mwandiko mkubwa ili atakayezisoma kwenye zahanati ya juu, Nainokanoka, asipate shida. Kisha mzee akawaita wanawake kivulini mwa gari, nami nikaeleza, naye akatafsiri kwa Kimaasai. Sikuzungumzia jedwali wala kiambatisho. Nikasema hospitali haikupata fedha za gari, kwamba haikuwa kwa sababu wamesahauliwa, na kwamba wanaokaribia kujifungua wapande huko zahanati mapema, wasingoje uchungu.

Mkwe wa mzee, mkono juu ya tumbo, aliuliza kitu kifupi. Mzee hakutafsiri. Nikamwangalia muuguzi.

“Anauliza,” muuguzi akasema, “mapema ni lini, kama wanaume wamepeleka ng'ombe kwenye maji na hakuna wa kumsindikiza.”

Nilikuwa nimezoea kupata jibu la kila swali. Nikamwambia kweli, kwamba sijui. Mzee akatafsiri hilo. Yule binti akaitikia kwa kichwa, akachukua kadi yake, akaifunga kwenye pindo la shuka, akaanza kutembea na wenzake kuelekea bomani.