Mkono wa Kukamua

Mama alimkataa mdogo wake wa tumbo moja kwa sababu ya kikombe cha chai. Tulikuwa Kisarawe, tukiishi kwa mafuta ya nazi. Mama alikuna, akakamua tui kwa mikono, akachemsha, akauza. Asubuhi moja Mama Mdogo alikuja kutusalimu. Mama akanyanyua kikombe, kikamponyoka, chai ikammwagikia mapajani. Mganga akasema mtu wa damu yake kamfunga mkono, akamchanja chale kwenye kiwiko, upande wa nje. Mama Mdogo alikufa bila kupatana nasi. Mama hakwenda kumzika.

Mimi nafuga ng'ombe Misugusugu. Mwaka huu kiwiko changu cha kulia kikaanza kuuma palepale penye chale za Mama. Kwanza wakati wa kukamua, baadaye hata nikizungusha kitasa. Siku sufuria iliponidondoka, nilikuwa peke yangu bandani, lakini niligeuka upesi kutazama ni nani kasimama nyuma yangu. Niliogopa, tena mchana kweupe. Nilihisi Mama Mdogo yupo, na ananingoja nimtaje.

Nikaenda hospitali, Tumbi. Binti wa mazoezi ya viungo aliniuliza kazi yangu.

"Kukamua," nikasema.

Aliunyoosha mkono wangu, kiganja chini, akaniambia niinue kiganja huku yeye akikikandamiza. Nusura nimtukane kwa maumivu.

"Pole, mama. Ukikaza vidole kushika kitu, misuli ya huku juu nayo inakaza, kifundo cha mkono kisikunjike. Imeshikizwa kwenye kifupa hiki cha kiwiko kwa kano. Ukikamua kila siku bila kuipa nafasi ya kupumzika, kano inachoka upesi kuliko inavyojijenga. Nyuzi zake zinavurugika, zinakuwa dhaifu. Ukishika kitu inauma, mkono unaachia wenyewe."

"Na mtu anayekamua nazi?"

"Kukamua ni kukamua, mama."

Akanifundisha kunyanyua vitu kiganja kikiwa juu, kupunguza kukamua bila kuulaza mkono kabisa, na kuuzoesha uzito kidogo kidogo. Miezi, alisema, si siku.

Mkono ulianza kunisikiliza, moyo ukakataa. Mama ni mtu mzima sana. Kumwambia ni kumnyang'anya mchawi wake, na badala yake nimpe nini? Kunyamaza nako nilishindwa, maana marehemu naye ana haki yake. Nikaenda Kisarawe. Nilimweleza yote, nikimshika kiwiko, kidole changu juu ya zile chale.

Alisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo hapakuwa na mtu?"

"Hapakuwa na mtu, Mama. Kazi tu."

Akauvuta mkono wake taratibu, akaufunika kwa khanga.

"Alikuja hapo mlangoni mara ya mwisho," akasema. "Sikumfungulia. Nilimsikia analia, nikasema moyoni, analia kwa sababu kaumbuka."

Akautazama mlango. Ulikuwa wazi.

"Mwanangu, kumbe alikuwa analia kweli."